Friji ya 38,000: nilipe pole pole dukani au nichukue kwa mkopo?

Mama_Mala
Habari za jioni wadau. Niko Kaptembwa hapa Nakuru, nina kibanda cha maziwa, mala na soda. Friji sina. Mala naiweka kwa jirani, ananitoza 50 kila siku, na siku akisafiri nafungiwa nje. Sasa nimeamua kutafuta yangu, ndogo ya milango miwili.

Duka moja Kenyatta Avenue wanaiuza 38,000. Wana mpango wa lipa pole pole: natoa 10,000 ya kwanza, wananiwekea friji, halafu namaliza 28,000 ndani ya siku 90 ndipo naibeba. Kuna kampuni nyingine inanipa friji hiyo hiyo leo leo, natoa 6,000 halafu 150 kila siku kwa mwaka mzima.

Mume wangu anasema 150 ni pesa ya sukari na majani, nichukue. Mimi roho inakataa lakini siwezi kumweleza kwa nini. Nyinyi mnaonaje?

Hesabu_Ndogo
Mwambie mzee apige hii: 150 mara 365 ni 54,750. Ongeza ile 6,000, ni 60,750. Friji ya 38,000 mmeinunua kwa 22,750 zaidi. Sukari na majani gani hayo.

Nyakwar_Kondele
Mama achana na hao watu wa mkopo kabisa! Mimi nilichukua simu hapa Kisumu, nikalipa miezi saba bila kukosa. Nikaenda matanga Siaya siku nne, mtandao hakuna, kurudi simu imejifunga. Siwezi kupiga, siwezi kutuma pesa, na pesa ya kulipa deni iko ndani ya hiyo hiyo simu. Ilibidi nimwombe dada yangu anilipie kwa laini yake. Lipa pole pole ni wizi mtupu.

Shiru_Shabab
Omera, hiyo yako haikuwa lipa pole pole. Wewe ulibeba simu kwanza ukalipa baadaye, huo ni mkopo. Mama anauliza ile ya kulipa kwanza, kitu kinabaki dukani. Huku hakuna wa kukufungia chochote maana huna chochote.

Nyakwar_Kondele
Kwangu yote ni kulipa kidogo kidogo na mtu anakushika shati. Lakini sawa.

Wakili_wa_Mtaa
Mama Mala usiwe na hofu, nenda na duka. Lipa pole pole inalindwa na sheria. Pesa unazoweka zinabaki zako mpaka siku ya kuchukua mzigo, na duka likishindwa kukupa kitu chako linakurudishia mara mbili. Kifungu cha 62 cha sheria ya kulinda wanunuzi, nimekisoma kwa macho yangu. Kwa mkopo huna ulinzi wowote.

Karani_Mstaafu
Nimekaa kwenye kaunta ya duka la vyombo vya umeme Kisumu miaka mingi, sehemu kubwa nikishughulikia kadi hizi hizi za lipa pole pole, kwa hivyo niruhusuni niongee kirefu kidogo.

Kwanza Wakili. Kifungu umekisoma sawa, ila ni cha Afrika Kusini, sheria yao ya 2008. Kule kweli pesa inabaki ya mnunuzi na hasara ya bidhaa iko kwa muuzaji. Sheria yetu ya kulinda wanunuzi ni ya 2012 na haina sura ya lipa pole pole. Kilicho karibu ni kwamba makubaliano ambayo malipo au mzigo unakuja baadaye yanatakiwa yaandikwe na mnunuzi apewe nakala, na mzigo ukichelewa zaidi ya siku 30 baada ya tarehe iliyoandikwa unaweza kuvunja makubaliano. Hapo tayari unaona kwa nini tarehe ya kuchukua lazima iwe kwenye kadi.

Na kwa mkopo si kweli kwamba hakuna ulinzi. Ikiwa mkataba wa hiyo kampuni unaingia kwenye sheria ya hire purchase, ukishalipa theluthi mbili ya bei nzima hawawezi kuja kukubebea friji mpaka waende kortini. Kwa bei ya Mama theluthi mbili ni 40,500. Ukitoa ile 6,000, anaifikia siku ya 230. Nimeona watu wanabebewa friji mwezi wa tisa na wananyamaza, wanadhani deni ni deni.

Sasa swali lenyewe. Ukiweka pesa dukani kidogo kidogo, wewe ndiye unayemkopesha mwenye duka. Watu hawalioni hivyo kwa sababu wanapita wanaiona friji imesimama pale. Swali la kwanza ni hili: hiyo friji unayoiona ni yako, au unadai friji moja yoyote?

Mama, kadi walikupa? Soma nyuma yake utuambie imeandikwa nini.

Omwami_Kakamega
Hiyo ya "friji yoyote" ndiyo ilinimaliza mimi kwa sofa. Fundi alinionyesha seti nzuri ya viti saba, nikaanza kulipa. Kila nikipita naiona, naridhika. Siku ya kumaliza napata imeuzwa, ananiambia yako tunaitengeneza wiki ijayo. Kumbe dipoziti yangu ilinunua mbao za mtu mwingine, na ya mtu wa baada yangu ndiyo ingenunua zangu. Nilipata viti miezi mitatu baadaye na kitambaa si kile.

Karani_Mstaafu
Ndiyo hiyo hiyo, Omwami. Kwa fundi ni kawaida na pengine hana ubaya wowote, ni mtaji hana. Duka kubwa linafanya vivyo hivyo kwa utaratibu zaidi. Sisi stoo tulikuwa na friji nane na kadi kumi na tano za friji hizo hizo. Meneja alijua watu hawamalizi siku moja.

Mama_Mala
Nimepita leo nikaomba kadi niisome kabla ya kutoa pesa. Ni ya manjano, mbele ina safu za tarehe, kiasi, baki na sahihi. Nyuma kuna maandishi madogo, nilisaidiwa na kijana wa kaunta kuyasoma. Kwa maneno yangu:

Moja, usipomaliza kwa siku 90 dipoziti hairudishwi.
Mbili, bei inaweza kubadilika bila kukuarifu.
Tatu, duka linaweza kukupa bidhaa nyingine ya aina sawa.

Kijana akaniambia hayo huwa hayatumiki, ni ya kuandikwa tu.

Karani_Mstaafu
Kama hayatumiki, basi kuyakata kwa kalamu hakumwumizi mtu.

Sikiza Mama. Huo mstari wa pili unaua faida kubwa ya mpango wote. Mtu analipa pole pole ili bei ikae pale pale. Mwanzo wa 2024 dola ilipita shilingi 160, na vyombo hivi vinatoka nje. Waliokuwa wamefungiwa bei miezi kabla ya hapo walifurahi, na wale wenye kadi kama yako waliambiwa waongeze. Baadaye mwaka huo dola ikashuka hadi karibu 129, bei dukani zikalegea, na hapo aliyefungiwa bei ndiye alinung'unika. Kufungiwa bei kunakata pande zote mbili, lakini duka lisijiwekee kisu upande wake peke yake.

Mstari wa tatu ni yale ya Omwami. Dawa yake ni siriali. Nyuma ya friji au ndani ubavuni kuna kibandiko chenye modeli na namba ya siriali. Namba hiyo iandikwe kwenye kadi, na friji iwekwe karatasi yenye jina lako na namba ya kadi. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa inatofautisha kitu kilichotengwa kikajulikana na kitu ambacho hakijatengwa. Kisipotengwa, huna chako pale. Sisemi siriali peke yake inakufanya mwenyewe kabla hujamaliza kulipa, hapo mawakili watabishana, lakini bila siriali hata ubishi hauanzi.

Mstari wa kwanza ndio wa kujadiliana. Duka lina haki ya kukata kitu fulani kwa kukuwekea friji miezi mitatu. 10,000 yote kwa friji ya 38,000 ni nyingi mno. Uliza wakate kiasi kilichoandikwa kwa tarakimu.

Wakili_wa_Mtaa
Bado nasema hakuna duka litaruhusiwa kula pesa ya mtu hivi hivi. Akienda kortini atashinda.

Karani_Mstaafu
Kwa hilo sikupingi sana. Mahakama ya Madai Madogo ipo hapo Nakuru, inasikiza madai hadi milioni moja, unajisimamia bila wakili na kesi inatakiwa kuisha kwa siku 60. Lakini utamshtaki nani kama duka limefunga? Watu wa Nakuru mnaikumbuka Nakumatt, jina lenyewe ni Nakuru Mattress, ilianzia kwenu. Mwanzoni mwa 2020 waliokuwa wanaidai walikubaliana ifungwe. Waliouziana nayo kwa imani walibaki na madeni ya mabilioni. Duka likifika hapo, benki yenye dhamana, wafanyakazi na kodi ya serikali wako mbele kwenye foleni, na mwenye kadi ya manjano yuko kule mkiani. Hukumu utapata, pesa ndiyo sijui utaitoa wapi.

Shiru_Shabab
Mzee, kuna dalili za kuonyesha duka linayumba?

Karani_Mstaafu
Zipo. Rafu zinapangwa bidhaa chache kwa upana ili zionekane zimejaa. Aina ulizozoea zinapotea moja moja, maana wenye kuleta mzigo wameacha kukopesha. Halafu ghafla duka linakuwa na shauku kubwa ya lipa pole pole, dipoziti inashushwa, hata vitu ambavyo havipo wanakuandikia. Ukiona wanakubali pesa za friji ambayo hawawezi kukuonyesha, ondoka.

Na moja nyingine ambayo haihusu kuyumba. Lipa kwa namba ya Till au Paybill ya duka, jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri liwe la duka. Karani akikuambia Till ina shida tuma kwa namba yake, hiyo pesa umempa yeye. Nilimwona kijana akifutwa kazi na kadi za wateja mifukoni, na wateja wakaambiwa duka halina rekodi yao. Kadi ilikuwa na sahihi yake tu, hakuna ujumbe wa M-Pesa wenye jina la duka.

Hesabu_Ndogo
Ninarudi maana nilijibu haraka. Nilisema mkopo ni ghali na ni kweli, lakini friji hii si ya nyumbani, inafanya kazi. Kwa hivyo kungoja nako kuna bei.

Mama, friji ikiwa kwako leo inakuletea nini kwa siku? Unaokoa ile 50 ya jirani. Ongeza mala na soda baridi utakazouza zaidi, toa tokeni za stima. Tuseme inabaki 150 kwa siku kwa jumla. Ukingoja siku 90 umepoteza 13,500. Mkopo unakugharimu 22,750 zaidi. Hapo kungoja ni bora.

Lakini kama inakuletea 250 kwa siku, siku 90 ni 22,500. Karibu sawa na mkopo. Ikizidi 250, mkopo ambao nimeutukana juu huko unaanza kuwa na maana. Hapo ndipo mzani unageuka, kwa bei zako hizi.

Cha pili ambacho hakuna aliyekitaja. Kwa mkopo ni 150 kwa siku. Kwa lipa pole pole, 28,000 gawa kwa 90 ni kama 311 kwa siku, na friji bado haijaanza kukusaidia kuzitafuta. Unazo?

Mama_Mala
Asante Hesabu. 311 kila siku sina. Siku nzuri naweza kuweka 250, Jumapili na siku za mvua hata 100 ni shida. Kuhusu faida, kwa kweli nikikadiria ni kama 150, labda 180 kukiwa na jua. Januari mpaka Machi ndiyo inauza, mwezi wa saba Nakuru nani anataka soda baridi.

Hesabu_Ndogo
Basi kwa wastani wa 200 utafika 18,000 siku ya 90. Pamoja na dipoziti ni 28,000. Umebakisha 10,000 na mstari wa kwanza wa kadi unakungoja. Hii ndiyo hatari yako halisi, kuliko duka kufunga.

Karani_Mstaafu
Hesabu amesema jambo ambalo kila mtu wa kaunta analijua. Wengi hawakushindwa kwa sababu ya njaa. Walianza mapema mno na siku zikawaishia.

Ningekuwa mimi, hizi pesa nisingezipeleka dukani sasa. Ziweke pahali pako kwanza, miezi miwili mitatu, halafu uende dukani na 25,000 mkononi. Hiyo 13,000 iliyobaki ndiyo ulipe pole pole kwa wiki chache. Duka linashika pesa yako kwa muda mfupi, siku zako 90 hazikutishi, na mwenye 25,000 mkononi anasikizwa akiomba siriali iandikwe. M-Shwari ina sehemu ya kufunga akiba mwezi mmoja hadi sita, ile ni pesa ya benki, na benki ikianguka kuna bima ya amana hadi 500,000 kwa kila mteja. Duka halina hiyo.

Shiru_Shabab
Mzee kwa heshima, hapa tunatofautiana. Mimi pesa ikiwa kwa simu yangu hailali. Hata ile ya kufunga naifungua mtoto akikohoa. Kitanda, jiko na taa ya sola vyote nilivipata kwa kadi ya duka kwa sababu karani hawezi kunirudishia pesa nikimlilia Jumamosi usiku. Kama kuna gharama kidogo, hiyo ni ada ya kufungiwa mkono. Mwanamke mwenye kibanda ana watu kumi wanaojua akiwa na pesa.

Mama_Mala
Shiru umesema ukweli wangu. Shemeji yangu ananusa pesa kuliko paka na samaki.

Karani_Mstaafu
Siwezi kukataa. Niliona hivyo kila siku, akina mama wa soko ndio walikuwa wateja wetu wakubwa wa kadi. Sijui jibu moja la hapo. Pengine chama chenu kishike pesa, kama mna chama chenye vitabu.

Fundi_Baridi
Natengeneza friji hapa Free Area, sijui mambo ya mkopo. Ila siku ya kuchukua, usibebe kwa furaha tu. Friji iliyosimama dukani miezi mitatu huenda imetumiwa kuonyesha wateja au hata kuwekea maji ya wafanyakazi. Linganisha siriali ya kibandiko na ya kadi. Fungua mlango, bana karatasi kwenye mpira, ivute. Ikitoka bila kushikwa popote mpira umelegea. Iwashwe mbele yako, usikize kompresa ikianza, subiri mpaka chumba cha juu kianze kuwa baridi. Wakikuambia stima imepotea, rudi kesho.

Na waranti: waambie iandikwe inaanza siku ya kuchukua. Nimeletewa friji ya mwezi wa kumi na moja ambayo duka lilihesabu tangu siku ya dipoziti, mteja akakosa miezi mitatu ya waranti wakati friji ilikuwa kwao.

Mkiibeba kwa tuktuk msiilaze. Ikilala, isimame saa kadhaa kabla ya kuwasha, ikilala safari ndefu ngoja hata siku nzima. Mafuta ya kompresa yanatakiwa yarudi chini.

Nyakwar_Kondele
Fundi, na simu ikijifunga?

Fundi_Baridi
Hiyo peleka kwa fundi wa simu, omera.

Mama_Mala
Nimerudi. Leo nimeenda na mume wangu tukaongea na meneja mwenyewe. Mstari wa pili ameukata kwa kalamu kwenye kadi ya mfano na kusema ataweka sahihi. Siriali amekubali kuandika, ila nikiwa nimelipa nusu ya bei, kabla ya hapo hatengi friji. Dipoziti amekataa kurudisha yote, tumefika 2,000 atakazokata nikishindwa. Waranti inaanza siku ya kuchukua.

Kwa hivyo nimefikiria hivi. Chama chetu kinagawa mwezi ujao na zamu ni yangu, 12,000. Nikiongeza niliyonayo nitafika zaidi ya nusu siku hiyo hiyo, siriali iandikwe hapo hapo. Iliyobaki nalipa kila Ijumaa. Mzee bado anaangalia ile kampuni ya 150, anasema mwezi mmoja wa kungoja chama ni mwezi wa jua unapotea. Nimemwambia apige hesabu ya Hesabu_Ndogo mwenyewe kwa kalamu.

Karani_Mstaafu
Nusu ni masharti ya haki. Hakikisha hiyo 2,000 imeandikwa kwenye kadi na isibaki mdomoni. Meneja akihamishwa, anayekuja hatakujua.

Omwami_Kakamega
Na piga picha kadi kila ukilipa. Yangu ilinyeshewa.